Jokofu Lenye Ubaridi wa Kutosha

Zahanati inahitaji jokofu la chanjo. Afisa anayeandaa zabuni anaandika: "Jokofu liwe imara, lipoze vizuri na litunze ubaridi kwa muda mrefu umeme ukikatika." Ofisi nzima inaisoma na hakuna anayepinga. Miezi kadhaa baadaye mzabuni anateremsha friza ya kuhifadhia samaki, anaiwasha na kumwonyesha mkaguzi barafu. Kupoza inapoza, tena kupita kiasi. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, pamoja na zile zenye kinga ya pepopunda, huharibika zikiganda, na kuziyeyusha hakuzirudishii nguvu. Mkaguzi anajua fika kwamba friza ile haifai, ila karatasi aliyoishika haina mstari wa kuikatalia.

Tatizo hili waandishi wa viwango walishakutana nalo siku nyingi. Dawa waliyoipata ni kugawa kila kauli ya mkataba katika ngazi tatu: lililo sharti, linalopendekezwa na linaloruhusiwa. Katika hati za Kiingereza ngazi hizo huonekana kama SHALL, SHOULD na MAY, na Shirika la Kimataifa la Viwango limeziwekea kanuni zake. Upande wa intaneti, mwaka 1997 Scott Bradner wa Chuo Kikuu cha Harvard aliandika hati fupi iitwayo RFC 2119, inayoeleza kila neno lina uzito gani. Hadi leo waandishi wa hati za mawasiliano ya kompyuta huitaja mwanzoni mwa kazi yao, ili msomaji asijitungie maana yake.

Turudi kwenye jokofu. Neno la kwanza kuondoka ni "muda mrefu", kwa kuwa halipimiki. Shirika la Afya Duniani lina namna yake ya kulipima jambo hilo kwa majokofu ya chanjo yenye ukuta wa barafu, na kwa Kiswahili cha zabuni sharti lingeandikwa hivi: "Umeme ukikatwa huku joto la nje ya jokofu likiwa nyuzi 43 za Selsiasi, lazima kila sehemu ya chumba cha chanjo ibaki chini ya nyuzi 10 kwa saa zisizopungua 20." Sentensi ni ndefu kidogo, lakini kila kipande chake kina kazi. Nyuzi 43 ndizo zinazotumika kupima majokofu ya maeneo yenye joto kali. Ukiziacha, mzabuni atapima jokofu lake ndani ya chumba chenye kiyoyozi na kurudi na majibu mazuri. Maneno "kila sehemu" yanamzuia kuweka kipimajoto kimoja sakafuni, mahali penye ubaridi kuliko kwingine. Na "zisizopungua 20" ndiyo inayomaliza ubishi: jokofu lililofikia nyuzi 10 baada ya saa 18 limeshindwa, hata kama kila aliyehudhuria aliliona zuri.

Friza ya samaki nayo inahitaji sentensi yake: "Jokofu likiwa kazini, lazima joto katika kila sehemu ya chumba cha chanjo liwe kati ya nyuzi 2 na 8." Kikomo cha chini ndicho waandishi wengi hukisahau, kwa sababu akili ya mtu anayenunua jokofu iko kwenye joto, haiko kwenye kuganda. Sentensi hizi mbili zimeachwa mbalimbali kwa makusudi. Zikiungwa kwa "na", jokofu likafaulu nusu na kufeli nusu, mkaguzi hatajua ajaze nini kwenye kisanduku kimoja cha ndiyo au hapana.

Ngazi ya pili ndiyo inayochezewa zaidi. Wapo wanaolichukua neno "inapendekezwa" kama lazima ya upole, na wapo wanaolisoma kana kwamba halikuandikwa. Maelezo ya Bradner yako katikati: mtu anaweza kuliacha pendekezo akiwa na sababu halali, baada ya kuelewa na kupima madhara ya kuliacha. Kwa hiyo afisa akiandika, "Inapendekezwa jokofu liwe na kifaa kinachohifadhi kumbukumbu za joto za siku 30," mzabuni asiye nacho hafukuzwi. Ila pendekezo hilo halina meno mpaka lifuatiwe na sharti dogo: "Mzabuni asiyeweka kifaa hicho lazima aeleze sababu kwa maandishi." Sasa mkaguzi ana kitu cha kukagua. Hapimi kifaa; anatafuta barua. Kama zahanati tayari ina vifaa vya namna hiyo, barua itasema hivyo na kazi itaendelea.

Ruhusa huonekana nyepesi kuliko zote, kumbe inambana mnunuzi mwenyewe. "Mlango unaruhusiwa kufungukia juu au mbele." Baada ya kuandika hivyo, kamati haiwezi kumpunguzia alama aliyeleta jokofu la kufungukia juu, na fundi wa jengo hana budi kuacha nafasi itakayotosha aina zote mbili. Ndiyo maana inashangaza kuona wanaoandika ruhusa nyingi kwa ukarimu bila kuuliza nani atabeba gharama yake.

Hapo hapo ndipo "linaweza" huleta vurugu. "Jokofu linaweza kutumia umeme wa jua": je, mzabuni ameruhusiwa kuleta la jua, au ameambiwa uwezo huo uwepo? Mzabuni atasoma la kwanza, mnunuzi alikusudia la pili. Njia salama ni kuandika "linaruhusiwa" kwa ruhusa, na uwezo unaotakiwa uandikwe kama sharti lenye "lazima". Kukanusha nako kuna mtego wake. "Si lazima waya wa ardhi uunganishwe kwenye fremu" inamwachia fundi hiari; "lazima waya wa ardhi usiunganishwe kwenye fremu" inamkataza. Aliyeharakisha kuandika ya kwanza akimaanisha ya pili ameruhusu kilekile alichotaka kukizuia.

Kuna na tabia tuliyojengewa shuleni, ya kukwepa kurudia neno. Katika insha ni sifa. Katika zabuni, hati inayosema "lazima" ukurasa wa 2, "itabidi" ukurasa wa 3 na "inatakiwa" ukurasa wa 4 inamfanya mwanasheria wa mzabuni aulize kama hizo ni ngazi tatu tofauti, na ana haki ya kuuliza. Neno moja lichaguliwe kwa kila ngazi, litangazwe ukurasa wa kwanza, lirudiwe bila haya.

Sharti nazo zina bei. Bradner mwenyewe aliasa maneno haya yatumike kwa uchache, pale tu yanapohitajika ili mifumo ielewane au kuzuia madhara. Afisa akiandika kwamba rangi ya jokofu lazima iwe nyeupe, mkaguzi atalazimika kulikataa la kijivu lililofaulu vipimo vyote vya joto, au aombe kibali cha kupuuza sharti. Kibali cha kwanza kikitolewa, mzabuni mwenye jokofu la saa 18 naye ataomba chake.

Wanaoifanya kazi hii kwa utaratibu huchora jedwali kabla zabuni haijatangazwa. Kila sharti lina namba yake, na mbele yake huandikwa litakaguliwa vipi: kwa kupima, kwa kutazama au kwa hati ya maabara. Saa 20 zitahitaji hati, kwani zahanati haina chumba cha kupandisha joto hadi nyuzi 43. Kiwango cha nyuzi 2 hadi 8 kitapimwa papo hapo, vipimajoto vikiwa juu, chini na kwenye kona. Ukifika mstari wa "liwe imara", safu ya pili hubaki tupu, na mstari huo unarudishwa kwa mwandishi aseme alikusudia bawaba, magurudumu au unene wa bati.