Bomba Lililobanwa Ardhini

Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Mafuta yake yana nta nyingi na yakipoa huganda, kwa hiyo sharti yasafiri yakiwa ya moto. Bomba la chuma lenye joto hutaka kurefuka, lakini hili limefukiwa na udongo umelikamata. Je, linarefuka au halirefuki?

Tuchukue bomba la mfano lililofukiwa vivyo hivyo, joto lake likiwa limepanda nyuzi 30. Mikazo inajulikana. Shinikizo la ndani linavuta ukuta kwa kuuzunguka, megapaskali 200. Kwa urefu, bomba limegandamizwa megapaskali 12, nasi tunaandika −12. Kwenye unene wa ukuta mkazo ni mdogo mno, tuuhesabu sifuri.

Kanuni ya kila upande ni moja:

ε₁ = [σ₁ − ν(σ₂ + σ₃)]/E + αΔT

Kwa chuma, kila megapaskali 1 hurefusha mita moja kwa maikromita 5, yaani sehemu tano za elfu za milimita, na kila nyuzi 1 ya joto huongeza maikromita 12. Herufi ν ni uwiano wa Poisson, hapa 0.3: chuma kikivutwa upande mmoja, hupungua pande mbili nyingine kwa asilimia 30 ya kilichorefuka.

Tuanze na urefu. Mgandamizo wa 12 unafupisha kila mita kwa maikromita 60. Mvuto wa kuzunguka ungetanua 1,000 upande wake, na asilimia 30 yake, yaani 300, inapungua kwenye urefu. Joto linaongeza 30 mara 12, sawa na 360. Toa 60, toa 300, ongeza 360: jibu ni sifuri kamili. Chuma kina mkazo, kina joto, na bado hakijasogea hata kidogo.

Mzunguko ni hadithi nyingine. 1,000 za mvuto, 18 zinazotokana na mgandamizo wa urefu, na 360 za joto: jumla 1,378. Bomba la kipenyo cha milimita 610 linatanuka karibu milimita 0.84. Unene nao, −300 na 18 na 360, unaongezeka maikromita 78 kwa mita.

Kosa la kawaida ni kusahau joto, na linajionyesha lenyewe: urefu unatoka −360, bomba la moto likionekana kusinyaa. Kosa la pili ni kulizidisha joto kwa 0.3. Joto hutanua pande zote tatu sawasawa, na halipindishi pembe za chuma hata kidogo.

Sasa shinikizo likiondolewa ghafla bomba likiwa bado moto, zile 300 za kupunguza zinatoweka. Ili urefu ubaki sifuri, mgandamizo lazima upande kutoka megapaskali 12 hadi 72.