Mbele bare ifunguliwe: barafu, vere na hesabu ya vidanje

Mukiliya anajua bare kwa upande wa meza tu: anaikaa, anaomba, bia inakuja. Serveri yeye anaijua kwa upande wa manko, ule upungufu wa feza wenye patro anakata kwenye mushahara mwisho wa mwezi. Na kazi ya kuzuia manko haifanywe usiku, wakati muziki iko juu na watu wanaita kila upande. Inafanywa muchana, kati ya saa saba na saa kumi, wakati bare ingali na viti juu ya meza.

Tuchukue bare moja ndogo kama zile mingi za mutaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Inafungua saa kumi ya mangaribi. Iko na frigo moja, kongelateri moja, kasiye 20 za bia ya chupa kubwa, na serveri wawili wenyi kupokezana siku kwa siku. Tufwate kazi yao hatua kwa hatua.

Kwanza kuhesabu, na kuhesabu wawili

Kasiye moja ni chupa 12, kwa hiyo bare hii iko na chupa 240. Kila chupa iko namna mbili tu: imejaa ao ni vidanje. Hapo ndipo siri ya hesabu yote: ukijumlisha zenye kujaa na vidanje, lazima upate 240 asubuhi, 240 mangaribi, 240 usiku. Bia inaisha, lakini chupa haiishe.

Asubuhi ile kuko chupa 96 zenye kujaa na vidanje 144. Depo inaleta kasiye tano, inabeba vidanje kasiye tano. Sasa zenye kujaa ni 156, vidanje ni 84. Jumla ingali 240. Serveri anaandika hesabu hiyo kwenye kaye, pamoja na saa, kisha yeye na jeran wanatia sinyatire wote wawili. Serveri mwenyi kukubali kuanza bila kuhesabu anapokea manko ya mwenzake wa jana bila kujua. Usiku patro atauliza: «We kijana, hizi chupa zimeenda wapi?» Na jibu la «Patro, mi nilikuta vile» halina nguvu kama hakuna kitu kimeandikwa.

Wakati wa kuhesabu, inua kila chupa, usihesabu vifuniko kwa macho tu. Tazama tarehe, tazama kama kifuniko kinavuja, na weka mupya nyuma, ya zamani mbele. Ile ya jana yenye iko baridi tayari ndiyo itatoka kwanza.

Barafu mbili zenye hazikutane

Chupa 60 za depo zimefika na joto la gari. Mukiweka zote katika frigo saa saba, saa kumi zingali vuguvugu, na frigo yenyewe inapoteza baridi ya zile za jana. Tena siku ya delestaji frigo ni kabati tu. Ndiyo maana bare inaweka barafu ya usiku: maji ndani ya bidoni ao sashe ngumu, yenye kugandishwa wakati umeme uko.

Ni barafu kilo ngapi inatosha? Kuteremusha chupa kubwa moja kutoka digri 27 mpaka digri 5 kunakula karibu robo kilo ya barafu. Chupa 60 zitakula kilo 15. Lakini barafu peke yake haishike chupa vizuri, inagusa huku na kule tu. Unaongeza maji, kwa sababu maji yanazunguka chupa yote na kubeba joto lake haraka. Lita 20 za maji ya kawaida zenyewe zinakula kilo 6 mbele ya kuwa baridi kabisa. Ongeza kilo chache za joto la inje, unafika karibu kilo 25. Kama kongelateri yenu inatoa kilo 12 tu, musijidanganye: poza chupa 24, na zingine zifwate pole pole. Kuliko bia 60 vuguvugu, heri 24 za baridi kabisa.

Ndani ya maji yenye barafu chupa inakuwa baridi kwa karibu nusu saa, kama barafu ingali inaonekana. Barafu ikiisha yote, maji yanaanza kupata joto. Na kama umeme uko, usisahau bia ndani ya kongelateri: bia inaganda chini kidogo ya digri 0, inapanuka, na chupa inapasuka. Hiyo nayo ni manko.

Barafu ile ya kupozea haiingie hata siku moja ndani ya vere. Chupa zimetoka kwenye vumbi la depo, mikono mingi imeingia ndani ya maji yale. Barafu ya kunywa, kwa wisiki, soda ao maji ya tangawizi, inatengenezwa mbali: maji yanachemushwa, yanapoa yakiwa yamefunikwa, kisha yanagandishwa ndani ya chombo safi chenye kifuniko. Kuganda hakuue mikrobe. Maji mabaya yakiganda yanalala tu, yakiyeyuka yanaamuka, na hapa kwetu kipindupindu si hadisi ya mbali.

Barafu ya kunywa inachotwa kwa upawa wenye muko murefu. Si kwa mukono, na hasa si kwa vere. Vere ikigonga barafu inaweza kumeguka, na kipande cha kioo ndani ya barafu hakionekane. Kama vere imevunjika karibu na chombo cha barafu, hakuna kuchagua-chagua: mwanga barafu yote, yeyusha mabaki na maji ya moto, panguza, kisha jaza upya. Ni hasara, lakini mukiliya mwenyi kumeza kioo ni hasara kubwa kupita.

Vere: povu ndiyo shahidi

Mukiliya akisema bia imekufa, mara nyingi bia haina kosa. Kosa ni mafuta ao sabuni ndani ya vere. Mafuta ya michopo, rangi ya midomo, kitambaa chenye kupangusia meza: vyote vinaua povu.

Kuko njia rahisi ya kujua. Lowesha vere na maji safi, kisha igeuze. Kama maji yanashuka sawa sawa kama nguo moja, vere ni safi. Kama yanakatika-katika na kubakia matone, kungali mafuta. Ndani ya bia pia inaonekana: mapovu madogo yenye kushikamana pembeni ya vere, chini ya bia, yanaonyesha pahali pachafu.

Kuosha kunaomba beseni tatu. Ya kwanza maji ya moto na sabuni, ya pili maji safi ya kutosha kutosha sabuni, ya tatu maji yenye javeli kwa kipimo chenye kuandikwa kwenye chupa yake. Maji yanabadilishwa wakati yanachafuka, si wakati beseni inatoa harufu. Kisha vere zinageuzwa juu ya kitu chenye matundu, zinakauka zenyewe. Kitambaa kinarudisha ule uchafu wenye ulitoa sasa hivi. Vere zikikauka, inua moja moja mbele ya mwanga na utazame mudomo wake: yenye kumeguka inatoka, hata kama ni kidogo. Na usitie barafu ndani ya vere yenye ingali na moto wa kuoshwa, itapasuka.

Ndimu na tangawizi

Hapa kosa ni kukata mingi mapema. Ndimu yenye kukatwa inakauka, pembe zake zinageuka, na harufu inaenda. Tazama kwenye kaye: jana mulitoa vere ngapi zenye ndimu? Kama ni 40, na ndimu moja inatoa vipande 8, ndimu 5 zinatosha, na moja ya akiba yenye haijakatwa.

Osha ndimu nzima mbele ya kukata, kwa sababu ganda linaingia ndani ya vere pamoja na uchafu wake. Kisu na ubao wa matunda visitoke kwa mupikaji wa michopo. Kata saa tatu za kazi zikikaribia kuisha, yaani nusu saa mbele ya kufungua, weka ndani ya kisahani chenye kufunikwa, pahali pa baridi. Tangawizi ya kusaga nayo inakaa ndani ya frigo. Vipande vyenye kubakia usiku vinatupwa, havingoje kesho.

Kufunga: vidanje inasema kweli

Saa ya kufunga, bare ile inahesabu tena. Zenye kujaa ni 101. Zilikuwa 156, kwa hiyo 55 zimetoka. Tuseme chupa moja inauzwa 4.000 FC: kesi inapaswa kuwa na 220.000. Serveri anahesabu, anapata 208.000. Kumepunguka 12.000, bei ya chupa tatu. Mabare mingi wanaishia hapo: manko, kata mushahara.

Lakini ngoja kwanza, hesabu vidanje. Zilikuwa 84. Kama chupa 55 zilinywewa hapa, zinapaswa kuwa 139. Serveri anapata 136. Chupa tatu hazipo hata kama vidanje. Maana yake hazikunywewa kwenye meza: zilitoka pamoja na chupa yake. Pengine mutu alibeba kwake kwa deni bila kuandikwa, pengine zilipita mulango wa nyuma. Ulizo ni juu ya mulango na juu ya stoki.

Sasa tuseme vidanje zilikuwa 139 kamili, lakini feza ni ileile 208.000. Hapo bia tatu zilinywewa humu humu na hazikulipwa: meza yenye iliondoka, rafiki wa patro mwenyi kunywa «tutaona kesho», ao feza zenye hazikufika kwenye kesi. Ni ulizo lingine kabisa. Feza peke yake haiwezi kuonyesha tofauti hiyo. Vidanje ndiyo inaionyesha. Na kama chupa ilivunjika, chunga shingo yake ndani ya katoni mpaka hesabu iishe. Shingo ni ushahidi, vipande vya sakafuni si kitu.

Kisha kunabakia vitu vichache vya kutazama mbele ya kufuli. Barafu imemwangwa na chombo kimekaushwa, maji ya usiku yameingia ndani ya kongelateri, milango ya frigo imefungwa vizuri. Makala ya michopo imezimwa na maji, si kufunikwa tu na majivu. Gurupe imezimwa, na isikae kamwe ndani ya nyumba ikiwa inatumika, kwa sababu moshi yake inaua bila kelele. Mwisho kabisa, sinyatire mbili kwenye kaye, pembeni ya hesabu ya usiku. Hiyo ndiyo hesabu yenye serveri wa kesho ataikuta saa saba, naye ataihesabu upya mbele ya kusema ndiyo.