Siku 21 za kusubiri ATOM

Chukua mtu aliyesteki ATOM 40 kwenye mtandao wa Cosmos Hub. Usiku mmoja anaamua kuzifungua; asubuhi akitazama pochi hazioni. Hazimo kwenye salio la kutumia, wala kwenye zile zilizostekiwa. Zimehamia sehemu ya tatu, iitwayo Unbonding, ambayo baadhi ya pochi huificha ndani ya ukurasa wa mthibitishaji. Zitakaa humo siku 21 bila kuzaa chochote.

Muda huo una sababu. Mthibitishaji aliyetia saini bloku mbili zinazopingana hukatwa asilimia 5, na ushahidi unaweza kuchelewa kufika. Sarafu zingetoka papo hapo, mkosaji angeshaondoka na zake.

Usihesabu siku kichwani. Weka anwani yako kwenye tovuti ya kukagua miamala, kama Mintscan, au uulize mtandao wenyewe. Rekodi huwa hivi:

```
completion_time: 2025-03-24T18:30:00Z
initial_balance: 40000000
balance: 40000000
```

Kiasi kimeandikwa kwa uatom, ambazo milioni moja ni ATOM moja. Herufi Z inaonyesha saa za UTC, kwa hiyo Nairobi na Dar es Salaam ongeza saa tatu: sarafu zitarudi Machi 24 saa tatu na nusu usiku. Anayetazama mchana wa siku hiyo ataona bado, na hakuna kilichoharibika. Ukifika wakati zinaingia zenyewe kwenye salio. Hakuna kitufe cha kubonyeza wala ada ya kuzikomboa. Anayekuambia umlipe ili azitoe ni tapeli.

Sasa linganisha mistari miwili ya chini. Ikiwa balance ni 38000000, mthibitishaji ameadhibiwa kwa kosa la kabla hujafungua, nawe umekatwa ATOM 2 pamoja naye. Hizo hazirudi.

Wakati ukipita na pochi bado haionyeshi kitu, angalia kwanza tovuti ya ukaguzi. Kama salio limeonekana huko, pochi ndiyo iliyochelewa kusoma. Kama mtandao umesimama, labda kwa ajili ya maboresho, sarafu hutoka bloku zikianza tena kutengenezwa. Lakini kama ziliingia kisha zikatumwa mara moja kwenye anwani usiyoijua, umeibiwa.

Ninachokiogopa zaidi ni rekodi ya kufungua ambayo hukuianzisha wewe. Maana yake kuna mtu ana maneno yako ya siri, na anasubiri zile siku 21 kama wewe. Cosmos Hub inaruhusu kufuta ufunguaji na kurudisha sarafu kwenye kusteki, ila mwizi naye anaweza kuufungua upya. Kufuta kunakununulia siku tu: zitumie kufungua pochi mpya yenye maneno mapya kwenye kifaa safi, na kuhamishia huko haraka kila kitu ambacho hakijafungwa.