Volti Nusu, Nishati Robo

Ndani ya flashi inayopachikwa juu ya kamera, ile wanayotembea nayo wapiga picha za harusi, kitu kinachochukua nafasi kubwa ni kopo jeusi la alumini lenye maandishi ubavuni: 330V 1000µF. Hiyo ndiyo kapasita. Betri nne za AA hutoa volti 6 tu kwa pamoja, na ule mlio mwembamba unaosikika ukiiwasha flashi ni wa saketi inayozipandisha volti hizo hadi mia tatu na ushei, ikiijaza kapasita kidogo kidogo kwa sekunde kadhaa.

Kapasita ikishajaa, nishati iliyomo hupatikana kwa kanuni E = ½CV². Mikrofaradi 1,000 ni faradi 0.001, na 330 mara 330 ni 108,900. Zidisha, gawa kwa mbili, utapata jouli 54 na kidogo. Jouli 54 si kitu. Haziwezi hata kuupasha moto mkono wako. Tofauti yote inaletwa na kasi ya kuzitoa.

Kapasita imeunganishwa na bomba la kioo lenye gesi ya zenoni muda wote, wala hakuna swichi kubwa kati yao. Gesi ikiwa imetulia haipitishi umeme, hivyo volti 330 hukaa tu mlangoni zikisubiri. Ukibonyeza kitufe cha kamera, koili ndogo hupiga volti elfu kadhaa kwenye waya au mpako uliogusana na kioo kwa nje. Hapo gesi huvunjika, hugeuka njia ya umeme, na ukinzani wa bomba hushuka ghafla hadi omu chache. Kwa hesabu yetu tuseme ni omu 2. Mkondo wa mwanzo ni volti 330 gawa kwa omu 2, yaani ampea 165.

Mkondo huo haudumu. Kila chaji inapotoka volti hupungua, na zikipungua mkondo nao hupungua, hivyo kasi ya kushuka inazidi kupoa. Kipimo cha mwendo huo ni ukinzani mara uwezo wa kapasita, R × C: omu 2 mara faradi 0.001 ni sekunde 0.002, yaani milisekunde 2. Kila milisekunde 2 zikipita, volti hubaki asilimia 37 ya zilivyokuwa. Ukitaka muda wa kufikia kiwango chochote, tumia t = RC × ln(V₀/V). Kufika nusu, yaani volti 165, kunachukua milisekunde 1.4. Kufika volti 50 kunachukua milisekunde 3.8, na hapo ndipo bomba la namna hii huzimika lenyewe, kwa kuwa volti hazitoshi tena kuiweka gesi katika hali ya kupitisha umeme.

Wengi huteleza hapa, hata mafundi wazuri. Volti zikifika nusu, mtu hudhani nusu ya nishati ingalimo. Haimo. Nishati hufuata mraba wa volti, kwa hiyo nusu ya volti ni robo ya nishati. Kwenye volti 165 zimebaki jouli 13.6 tu, na zile 40 zimeshatoka. Baada ya milisekunde 2 zimetoka jouli 47. Gawa 47 kwa sekunde 0.002, unapata wastani wa wati zaidi ya 23,000: ni kama birika kumi za umeme zilizowashwa pamoja, ila kwa muda ambao jicho haliwezi kuupima. Si jouli zote zinazogeuka mwanga. Nyingine hubaki kuwa joto kwenye kioo na vyuma vya ncha zake, na ndiyo sababu flashi ikipigwa mfululizo kwa nguvu kamili plastiki ya mbele hugeuka rangi au kuyeyuka.

Mraba huo huo ndio unaoeleza namba 1/1, 1/2, 1/4 hadi 1/16 zilizo nyuma ya flashi. Ukichagua 1/2, kapasita hujazwa vilevile hadi volti 330, lakini swichi ya kielektroniki hukata mkondo nusu ya nishati ikishatoka. Volti wakati huo bado ni 233, yaani asilimia 71, na muda uliopita ni milisekunde 0.7. Kwenye 1/4 swichi hukata zikiwa zimebaki volti 286, baada ya milisekunde 0.29. Kwenye 1/16 hesabu inatoa milisekunde 0.065 tu. Ndiyo maana mtu anayetaka kuyagandisha matone ya maji hupunguza nguvu ya flashi na kuisogeza karibu, badala ya kuiongeza.

Flashi halisi kwenye 1/16 huwa ndefu kidogo kuliko hesabu hiyo. Mwali unahitaji muda kuenea bombani kabla ya omu 2 zetu kuwa kweli, na tena ukinzani wa zenoni haukai mahali pamoja: huwa mdogo mkondo ukiwa mkubwa na hupanda mkondo ukipungua. Hesabu ya RC inakupa umbo la jambo, si namba ya kuapia. Harold Edgerton wa chuo cha MIT, aliyeiendeleza flashi ya kielektroniki tangu miaka ya 1930, alijua mpaka huo vizuri. Picha yake ya mwaka 1964 ya risasi ikilipasua tofaa ilihitaji mwanga wa chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, na kwa kazi hiyo alitumia flashi ya cheche inayoruka hewani.

Kwa mpiga picha, mraba huu hujitokeza zaidi kwenye kitaa cha kuonyesha kuwa flashi iko tayari. Katika flashi nyingi kitaa hicho huwaka kapasita haijajaa bado. Tuseme kimewaka kwenye volti 270. Hiyo ni asilimia 82 ya volti, lakini ni theluthi mbili tu ya nishati. Ukipiga papo hapo kwa nguvu kamili, bibi harusi atatoka na giza la zaidi ya nusu stopu, na utailaumu kamera bure. Subiri sekunde chache zaidi. Ikiwa betri ni mpya, umesubiri, na picha bado hazina mwanga, iangalie kapasita yenyewe: iliyokaa kabatini miaka huvuja chaji na kupoteza uwezo. Dalili yake ni mlio usiotulia, saketi ikihangaika kujaza kinachovuja. Mara nyingine kuiacha ikiwa imewashwa kwa dakika kadhaa na kuipiga mara chache huirudisha. Bomba linalochoka lina dalili nyingine, ncha zake huwa nyeusi.

Fundi anayefungua kifuniko azikumbuke zile volti 50 zinazobaki hata baada ya mwako. Flashi iliyozimwa bila kupigwa ni hatari zaidi, kwa kuwa inaweza kuwa na 300 kwa muda mrefu, na kiasi hicho kikipita kifuani kinaweza kuua. Kuigusisha miguu ya kapasita kwa bisibisi ni desturi mbaya: mkondo huyeyusha ncha ya chuma na kuumiza kapasita kwa ndani. Tumia rezista ya omu 10,000 yenye wati 10, iliyofungwa kwenye nyaya zenye vishikio vya plastiki. Sasa R × C ni sekunde 10, hivyo kutoka volti 330 hadi 33 ni sekunde 23, na hadi 3.3 ni sekunde 46. Iache dakika nzima, kisha pima kwa mita. Ukiiondoa rezista na kupima tena baadaye, utakuta volti chache zimejirudia zenyewe, kwa sababu sehemu ya chaji iliyozama ndani ya utando wa kapasita hutoka polepole. Kwa hiyo mafundi waangalifu huiacha rezista ikiwa imeshikizwa hadi wamalize kazi.