Kisanduku cha Siku Saba: Mpango wa Kumeza Dawa za Presha Mwaka Baada ya Mwaka

Dawa ya malaria ina siku zake, zikiisha mgonjwa hushukuru na kuendelea na kazi zake. Dawa ya shinikizo la damu haina siku ya mwisho. Humezwa leo, kesho na mwaka ujao, nayo humezwa na mtu ambaye mara nyingi hahisi maumivu yoyote. Hapo ndipo ugumu ulipo. Kichwa kisichouma hakimkumbushi mtu kidonge, na akikiacha kwa siku tatu huenda asihisi tofauti yoyote, ilhali shinikizo limeanza kupanda kimyakimya kuelekea kwenye moyo, figo na ubongo.

Kwa hiyo kumbukumbu ya kichwa haitoshi. Baada ya miezi michache kumeza dawa huwa ni jambo la mazoea, na jambo la mazoea haliachi alama akilini. Mama husimama mbele ya kabati akijiuliza: nilimeza leo, au ninaikumbuka ya jana? Akimeza tena huenda akazidisha, na asipomeza huenda akaruka siku. Wiki hii tunaeleza vitu vitatu vya bei nafuu vinavyoliondoa swali hilo: kisanduku cha vidonge cha siku saba, kengele ya simu, na ukumbusho wa kununua dawa kabla hazijaisha.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 58 aishiye Kisauni. Daktari amemwandikia vidonge viwili, kila kimoja mara moja kwa siku: amlodipini ya miligramu 5 na losatani ya miligramu 50.

Saa ya kumeza

Jambo la kwanza ni kuchagua saa. Wengi huamini kwamba dawa ya presha haifanyi kazi isipomezwa asubuhi. Utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2022, uliowahusisha watu zaidi ya 21,000, haukuona tofauti ya maana baina ya waliomeza asubuhi na waliomeza jioni katika kukingwa na maradhi ya moyo na kiharusi. Basi saa iliyo bora ni ile ambayo mtu hataikosa.

Asubuhi ya mama wa nyumbani ina pilikapilika zake: watoto wa shule, chai, mandazi, safari ya kazini. Usiku baada ya Isha na chakula, nyumba imetulia. Mama wetu amechagua saa mbili na nusu usiku. Iko sharti moja. Aliyeandikiwa dawa ya kuongeza mkojo, kama vile haidroklorothiazidi, kwa kawaida huimeza asubuhi, la sivyo itamwamsha usiku kucha kwenda msalani. Mwenye dawa ya namna hiyo, au ya kumezwa zaidi ya mara moja kwa siku, asibadilishe saa kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Kujaza kisanduku

Kisanduku chenyewe ni cha plastiki, kina vyumba saba vyenye vifuniko, na huuzwa katika maduka mengi ya dawa. Kasoro yake ni kwamba herufi za vifunikoni ni za siku za Kiingereza: S ziko mbili na T ziko mbili, na wiki huanzia Jumapili. Bibi aliyezoea kuhesabu kuanzia Jumamosi atachanganyikiwa. Dawa yake ni kipande cha plasta juu ya kila kifuniko, kilichoandikwa kwa kalamu isiyofutika: Jumamosi, Jumapili, hadi Ijumaa.

Kijazwe Jumamosi asubuhi, penye mwanga wa mchana, wakati vyumba vyote ni vitupu. Ijazwe dawa moja kwanza katika vyumba vyote saba, kisha ya pili. Ukimaliza, hesabu: kila chumba kiwe na vidonge viwili visivyofanana. Soma jina la dawa lenyewe, si jina la kampuni tu, kwani amlodipini huuzwa kwa majina mengi ya biashara. Mtu aliyebadilishiwa pakiti dukani huweza kuweka amlodipini mbili za majina tofauti akidhani ni dawa mbili. Na daktari akibadilisha kipimo katikati ya wiki, kisanduku kimwagwe chote na kujazwa upya siku hiyohiyo.

Joto na unyevu wa pwani yetu haviafikiani na vidonge. Kisanduku kisikae jikoni karibu na jiko, wala bafuni, wala dirishani penye jua. Zipo dawa, kama nifedipini, zinazopaswa kukaa ndani ya karatasi yake mpaka wakati wa kumezwa, hivyo muulize mfamasia kabla ya kuzitoa. Wako wanaoikata karatasi kwa mkasi na kuweka kidonge chumbani kikiwa ndani yake. Njia hiyo inafaa kwa mwenye macho mazuri tu, kwani mzee asiyeona vizuri huweza kukimeza pamoja na karatasi, na ncha zake zikamjeruhi koo.

Na tahadhari iliyo kubwa kuliko zote: kisanduku hiki hufunguka kwa kidole cha mtoto. Kidonge kimoja cha amlodipini chaweza kumhatarisha mtoto mdogo. Kiwekwe juu, ndani ya kabati linalofungwa. Mtoto akishukiwa kumeza, apelekwe hospitali mara moja hata kama anacheza.

Kengele ya simu

Kengele huharibika mahali pawili. Mahali pa kwanza ni saa yetu ya Kiswahili. Saa mbili na nusu usiku katika simu ni 8:30 PM, au 20:30. Anayeandika 2:30 kwa kuwa ndivyo anavyotamka, ataamshwa usiku wa manane, na kesho yake ataizima kengele kabisa. Baada ya kuandika saa, chagua irudie kila siku, kwani isiporudiwa italia mara moja tu. Ipe mlio wake wa pekee, usiofanana na wa simu inayoingia.

Mahali pa pili ni kidole. Kengele hulia, mtu ana shughuli, huizima huku akisema, "Nitameza sasa hivi," na sasa hivi hiyo haifiki. Kanuni ni kwamba kengele haizimwi mpaka kidonge kiwe mkononi. Ikiwa haiwezekani, bonyeza Snooze ili irudi baada ya dakika chache. Hapa ndipo kisanduku na kengele husaidiana: kengele husema wakati umefika, na chumba cha leo husema kama umekwisha kumeza. Chumba kitupu kinamaliza ubishi.

Vyumba vikiwa na vidonge wakati visingepaswa kuwa navyo, basi siku imerukwa. Kwa mama wetu, akikumbuka kabla ya saa kumi na mbili kupita, yaani kabla ya asubuhi inayofuata kukomaa, na ameze. Zikipita, aiache na aendelee na ya usiku unaofuata. Asimeze mara mbili kufidia. Amlodipini hukaa mwilini muda mrefu, hivyo siku moja haileti madhara makubwa. Lakini zipo dawa, kama atenololi na klonidini, ambazo kuachwa ghafla kwake hupandisha shinikizo kwa hatari, na mwenye kuzitumia hapaswi kabisa kuishiwa.

Kununua kabla ya kwisha

Wengi hawaachi dawa kwa kusahau, huziacha kwa kuishiwa. Pakiti huisha Jumapili, fedha zinatarajiwa Alhamisi, na Alhamisi hiyo husogea. Kisanduku kinaweza kutoa onyo mapema ikiwa tutafuata hesabu yake.

Mama wetu amenunua vidonge 30 vya kila dawa. Jumamosi ya kwanza hutumia 7, hubaki 23. Ya pili hubaki 16, ya tatu 9, na ya nne 2. Siku hiyo ya nne, pakiti haina tena vidonge vya kujaza wiki nyingine, lakini kisanduku kimejaa. Ana dawa za siku tisa. Hiyo ndiyo wiki ya kununua, wala si wakati wa kuhangaika. Katika kalenda ya simu huandika "Nunua dawa" kwenye Jumamosi ya nne, na kuchagua irudie kila baada ya wiki nne, si kila mwezi. Mwenye simu ndogo atie duara katika kalenda ya ukutani.

Faida ya wiki nne ni kwamba kila mara vidonge viwili husalia. Baada ya duru saba atakuwa na akiba ya vidonge 14, wiki mbili nzima, kwa ajili ya safari, mafuriko au duka kuishiwa. Vidonge vya zamani vitangulie kutumika, na tarehe ya mwisho wa matumizi isomwe kila anunuapo. Fedha zikiwa haba, ni afadhali kununua wiki mbili za dawa zote mbili kuliko mwezi mzima wa moja. Kukata kidonge nusu ili kisogee ni kubadilisha kipimo bila ya daktari.

Mwezi wa Ramadhani

Dawa ya kumezwa mara moja kwa siku huhamia usiku bila tabu, na mwenye kumeza usiku mwaka mzima hana la kuhamisha. Hata hivyo, saa mbili na nusu ni wakati wa tarawehe. Mama wetu huisogeza kengele hadi 7:00 PM, baada ya futari, na kuirudisha usiku wa Idi. Akiwa katika siku zake za kutofunga, saa ibaki hiyohiyo. Wenye dawa za mara mbili, na hasa wenye dawa za kuongeza mkojo, wamwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Akisema kufunga kunadhuru, dini yetu imempa mgonjwa ruhusa.

Dada aliye katika umri wa kuzaa na anayemeza losatani au enalaprili ajue pia kwamba dawa hizi hazifai katika ujauzito. Akihisi amepata mimba, au akikusudia kupata, amwone daktari haraka abadilishiwe.

Siku ya kliniki, kisanduku kiende mkobani. Kipimo kikisoma zaidi ya 140 kwa 90, daktari hujiuliza kama dawa imeshindwa au haikumezwa. Mwenye kusema wazi, "Wiki hii nimeruka siku mbili, na hivi hapa vidonge," humwepusha asimwongezee dawa ya tatu isiyohitajika. Na kila simu mpya inaponunuliwa, au binti aliyekuwa akijaza kisanduku anapoolewa na kuhama, mpango huu upangwe upya siku hiyohiyo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu. Wabillahi tawfiq.