Kwa Nini Ngalawa Yangu Ilipaa

Gemu yangu ya kwanza niliitengeneza kwenye kompyuta mpakato iliyochoka. Ilikuwa ngalawa inayovuka skrini kutoka kushoto kwenda kulia, mchezaji akiipandisha na kuishusha ili ikwepe miamba. Nilipoifungua kwenye kompyuta mpya ya rafiki yangu, ngalawa ilifyatuka kama mshale na kugonga mwamba kabla hatujagusa kitufe. Nami sikuwa nimebadilisha hata herufi moja.

Chanzo chake kiko katika namna gemu inavyofanya kazi. Tangu unapoifungua hadi unapoifunga, kompyuta inarudia mzunguko uleule: inasoma vitufe vilivyobonyezwa, inasogeza vitu, kisha inachora picha mpya. Picha moja huitwa fremu. Ikimaliza kuchora, inaanza tena bila kupumzika. Ndani ya mzunguko wangu kulikuwa na mstari huu:

```python
x = x + 5
```

Maana yake ni kwamba kila fremu ngalawa isogee pikseli 5. Kompyuta yangu ilichora fremu 30 kwa sekunde, kwa hiyo ngalawa ilikwenda pikseli 150 kila sekunde na kuvuka skrini ya pikseli 900 kwa sekunde 6. Ile ya rafiki yangu ilichora fremu 144. Mara 5 ni pikseli 720 kwa sekunde, na safari ileile ikaisha kwa sekunde 1.25. Nilikuwa nimeipa ngalawa urefu wa hatua, lakini idadi ya hatua nikaiachia mashine.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado wa Japani alitoa Space Invaders, gemu yenye wavamizi 55 wanaoshuka kutoka angani. Mashine yake ilisogeza mvamizi mmoja tu kwa kila fremu, na fremu zilikuwa takriban 60 kwa sekunde, hivyo kila mvamizi alisubiri karibu sekunde nzima kabla ya zamu yake kurudi. Kadiri mchezaji alivyowapiga, foleni ilifupika, na waliobaki wakazidi kwenda kasi. Nishikado aliuacha mwendo huo kwa sababu ulinogesha mchezo. Yeye alijua kila mashine yake itakwenda sawa na nyingine. Mimi niliyetengeneza gemu ya kompyuta za watu mbalimbali sikuwa na uhakika huo.

Dawa yake ni kupanga mwendo kwa sekunde badala ya fremu. Katika kila mzunguko tunaiuliza saa ya kompyuta ni muda gani umepita tangu fremu iliyotangulia. Muda huo ndio delta taimu, na kwenye programu huandikwa `dt`. Nikitaka pikseli 300 kwa sekunde, kwa maktaba ya Pygame ninaandika hivi:

```python
dt = saa.tick(144) / 1000
x = x + 300 * dt
```

Hapa `saa` ni saa ya Pygame niliyoiunda mwanzoni, na 144 ni kikomo cha fremu kwa sekunde. Saa hiyo hutoa jibu kwa milisekunde, ndiyo maana tunagawanya kwa 1000. Kompyuta ya fremu 30 itasogeza ngalawa pikseli 10 kila fremu, na ile ya fremu 144 pikseli 2 na kidogo. Ni kama baba na mtoto walioshikana mikono kwenda sokoni: mmoja ana hatua ndefu chache, mwingine fupi nyingi, na wanafika pamoja.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kutupa desimali. `Rect` ya Pygame huhifadhi namba kamili tu. Ukiondoa kikomo na kompyuta ikafikia fremu 1000 kwa sekunde, hatua inakuwa pikseli 0.3, nayo inakatwa kuwa 0. Ngalawa inagoma kutembea kwenye mashine yenye kasi kuliko zote. Weka `x` kwenye kigeu chako chenye desimali, uipe `Rect` wakati wa kuchora tu.

Wa pili huja kompyuta inapokwama. Ikisimama nusu sekunde, `dt` inakuwa 0.5 na ngalawa inaruka pikseli 150 kwa mpigo. Mwamba wenye upana wa pikseli 80 unaweza kurukwa bila kuguswa. Ndiyo maana tunaiwekea `dt` ukomo:

```python
dt = min(dt, 0.05)
```

Sasa hatua haizidi pikseli 15. Gharama yake ni kwamba kompyuta isiyofikisha fremu 20 kwa sekunde itaiendesha gemu polepole, lakini mwamba utabaki mwamba.

Ili ujihakikishie, badilisha 144 iwe 30, kisha 60, na kila mara ipime safari kwa saa ya simu. Ngalawa yangu sasa huvuka kwa sekunde 3, kwangu na kwa rafiki yangu.