Kotesheni ya Chakula cha Harusi: Anzeni Kusoma Juu

Kotesheni ya chakula ikifika mbele ya kamati ya harusi, macho ya wengi hukimbilia jumla ya chini. Wakishaona "bei haibadiliki", wanaanza kujadili malipo ya awali. Kazi iko kwenye mistari ya juu.

Tuseme harusi ni ya Dar es Salaam. Mtu wa chakula ameandika sahani moja 30,000, wageni 250, gharama ya huduma asilimia 10, VAT asilimia 18, na jumla 9,600,000.

Chukueni kalkuleta ya simu. Sahani 250 ni 7,500,000. Ongezeni huduma, 750,000, mfike 8,250,000. VAT hupigwa juu ya kiasi hiki chote, kwa kuwa huduma nayo imeuzwa, si chakula peke yake. Hiyo ni 1,485,000, na jumla inakuwa 9,735,000. Karatasi imepungua 135,000.

Kosa hili lina asili moja: mwandishi amejumlisha 10 na 18, akapata 28, akaizidisha na bei ya chakula. Kumbe kodi inapokaa juu ya huduma, nyongeza halisi ni asilimia 29.8. Wapo watakaonyamaza wakidhani wameokota. Mimi nisingenyamaza. Siku ya kutoa risiti ya EFD hesabu itajionyesha, na fedha hiyo itadaiwa au itakatwa kwenye nyama. Mwambieni achague sasa: ama aandike 9,735,000, ama abaki na 9,600,000 na kushusha sahani hadi kama 29,584. Kisha arekebishe mistari yote na kusaini upya.

Idadi ya wageni nayo ihesabiwe kwa vichwa, si kwa kadi. Kadi 100 za singo na 75 za dabo ni watu 250 kamili. Lakini MC, wapiga muziki, wapiga picha na wapambaji hawana kadi, na wote watakula. Wakiwa 12, kwa bei kamili ya 38,940 kila mmoja, ni 467,280 ambazo hazimo popote. Mara nyingi mtu wa chakula hukubali kuwalisha kwa bei nafuu, ila lazima iandikwe.

Hapo ndipo muulize kisichobadilika ni kipi. Kama ni bei ya sahani, wageni wakipungua jumla itashuka, ingawa wengi huweka idadi ya chini ambayo mtailipia hata wasipokuja. Kama ni jumla, mtalipa ile ile hata viti 40 vikibaki wazi.

Mwisho, tafuteni namba ya VRN kwenye karatasi. Mfanyabiashara ambaye hajasajiliwa VAT haruhusiwi kuitoza. Kama hana, futeni mstari huo: deni lenu ni 8,250,000.